Hapo Katikati Ulikuwa Wapi?

Fomu niliyokuwa nikiitumia kuwachuja waombaji kazi kwa simu ilikuwa ya ukurasa mmoja. Juu jina na namba, chini yake mahali mtu anapoishi, mshahara anaoutaka, muda anaohitaji kabla ya kuripoti, na karibu na mwisho kipengele kilichoandikwa "Mapengo ya ajira". Mbele ya maneno hayo kulikuwa na mstari mmoja tu. Ukibana mwandiko unaingiza maneno kumi na tano, labda ishirini.

Nimekuwa afisa ajira Dar es Salaam kwa miaka kadhaa, na kama kuna kitu ningependa mwombaji akijue kabla hajapokea simu yangu, ni huo mstari. Maana mimi siye ninayeajiri. Siku ya mchujo nina watu kumi na wawili wa kuwapigia, kila mmoja dakika kama kumi na tano, na jioni fomu zinapanda kwa meneja wa idara mwenye nafasi yake. Meneja hakusikii. Hajui sauti yako ilikuwa ya unyenyekevu, wala kwamba ulikaribia kulia, wala kwamba mtandao ulikatika mara mbili. Anasoma nilichokiandika. Kwa hiyo unapojibu swali la pengo unamjibu mtu ambaye hayupo kwenye simu, na jibu lako litamfikia likiwa limefupishwa na mikono yangu. Usipolifupisha wewe nitalifupisha mimi, na mimi sijui kipi kwako ni kiini na kipi ni maelezo.

Nitoe mfano wa dada mmoja, nikibadilisha mambo machache asitambulike. Alikuwa msaidizi wa hesabu katika kampuni ya uwakala wa forodha kuanzia Juni 2017 hadi Februari 2022. Baada ya hapo wasifu wake ulikuwa mweupe. Nilimpigia Februari 2024, saa nne asubuhi, akiwa ndani ya daladala la Mbagala. Nilimsikia konda akiita abiria, nikamuuliza kama anaweza kuongea, akasema anaweza. Hapo ndipo alipoanza kukosea, na kosa lenyewe halikuhusu pengo hata kidogo. Angesema "naomba unipigie baada ya nusu saa nishuke," nisingemwona mzito. Waombaji wengi huniomba hivyo na huwa nafurahi, kwa sababu nami nasikia vizuri.

Nikamuuliza: "Dada, naona uliacha kazi Februari 2022, na sasa ni Februari 2024. Hapo katikati ulikuwa wapi?"

Akaanza: "Kaka, kwanza naomba radhi, maana najua inaonekana vibaya." Akaeleza jinsi mama yake alivyoanguka bafuni Jumapili moja huko Korogwe, jinsi walivyodhani ni presha tu, jinsi ilivyokuja kujulikana ni kiharusi. Akaeleza kaka zake wawili walioahidi kutuma hela wasitume. Akaeleza bosi wake aliyemnyima likizo bila malipo, shangazi aliyedai mama amerogwa, na nauli za kwenda hospitali. Mahali fulani sauti ikakwama. Konda akaita kituo. Nilitazama saa yangu: zilikuwa zimepita dakika nne, na sikuwa na neno la kumkatisha, kwa sababu nani anamkatisha mtu anayemzungumzia mama yake mgonjwa?

Kwenye fomu niliandika: "Matatizo ya kifamilia, alimuuguza mama Korogwe." Jioni fomu ikarudi na maandishi ya meneja kwa wino mwekundu: "Bado anauguza?"

Sikujua. Katika dakika nne zote hakuwa amesema.

Hilo ndilo tatizo ninaloliona kuliko yote, na limewakosesha kazi watu wengi kuliko pengo lenyewe. Mtu anaulizwa kuhusu pengo, anasikia anatuhumiwa, basi anajitetea. Anamwaga ushahidi kwamba sababu ilikuwa nzito. Lakini mwajiri mara nyingi hana ugomvi na sababu. Sijawahi kufanya kazi na meneja ambaye hana mzazi aliyewahi kuugua. Wasiwasi wake uko mbele, si nyuma: je, nikimpa kazi mtu huyu mwezi ujao, mwezi wa tatu atarudi Korogwe? Kama kuna sentensi moja ya lazima katika jibu lote, ni ile inayosema jambo limeishia wapi. "Mama sasa anatembea, na mdogo wangu ndiye anayeishi naye." Hiyo inabeba kuliko habari zote za bafuni na nauli.

Na kama halijaisha? Sema halijaisha, kisha useme umelipanga vipi. Mtu anayeuguza bado, lakini ana msaidizi wa mchana na anahitaji kutoka saa kumi Alhamisi moja kwa mwezi, ana jibu. Nalijua kwa sababu nimeliandika kwenye mstari wangu na meneja akalikubali. Anayeficha hiyo Alhamisi ataiomba wiki ya tatu kazini, na hapo haitaonekana kama Alhamisi, itaonekana kama uongo.

Wasiwasi wa pili wa meneja ni mkono. Miaka miwili mtu hajagusa kazi, je, mkono bado unakumbuka? Hapa waombaji hugawanyika. Wengine hunyamaza kabisa, wanaona kilichofanyika nje ya ofisi si kazi. Wengine wanakipandisha cheo mpaka hakitambuliki. Dada yule alikuwa wa kundi la kwanza. Nilikuja kugundua baadaye kwamba muda wote aliokuwa Korogwe alikuwa mweka hazina wa VICOBA ya wanawake 28. Kila wiki alipokea hisa, akaandika mikopo na marejesho, akatenga mfuko wa jamii, na mwisho wa mzunguko akapiga hesabu ya mgao, kila mtu akapata chake na daftari likafunga bila kupungua. Kwa mtu wa hesabu hiyo si habari ndogo. Anayeweza kufunga daftari mbele ya wanawake 28 wanaosubiri hela zao mchana huohuo ataweza kufunga vitabu vya mwezi ofisini.

Lakini ukiiita "Meneja wa Fedha, Taasisi ya Mikopo Midogo", umeiharibu. Nimeshapokea wasifu wa namna hiyo. Nikauliza taasisi ilikuwa na wafanyakazi wangapi, kukawa kimya, kisha kicheko cha aibu. Kazi ilikuwa halali kabisa, jina ndilo lililoigeuza kuwa uongo. Iite jina inaloitwa mtaani: nilikuwa mweka hazina wa VICOBA, nilikuwa nasimamia duka la mjomba, nilikuwa nafundisha tuisheni ya hesabu jioni. Na kama hukufanya lolote zaidi ya kuuguza, usitafute la kuongeza. Kumgeuza mgonjwa kitandani kila baada ya saa mbili hakuachi nafasi ya kozi ya mtandaoni, na mtu yeyote aliyewahi kufanya hivyo anajua.

Vilevile sema kilichochakaa, kabla hujaulizwa. Kwa msaidizi wa hesabu ni mfumo wa kompyuta. Ukisema "Tally sijaigusa kwa miaka miwili, nitahitaji siku chache," umenipa kitu cha kuandika ambacho meneja hana haja ya kukichimbua. Pia, kwa hesabu zangu za miaka yote, sentensi ya namna hiyo humfanya msikilizaji aamini na zile zilizotangulia.

Wasiwasi wa tatu ni tarehe, na hapa ndipo ukweli unapoacha kuwa suala la tabia njema na kuwa suala la karatasi. Tarehe zako ziko mahali pengi kuliko unavyodhani. Taarifa ya michango ya NSSF inaonyesha mwezi kwa mwezi na jina la mwajiri aliyechangia. Mwezi ambao hukuajiriwa utaonekana mtupu. Cheti cha utumishi, ambacho sheria ya ajira ya Tanzania ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akupe ajira inapokoma, kina tarehe zako. Kenya nako Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 51, inataka cheti kitaje siku uliyoanza na siku uliyoacha. Halafu wapo wadhamini wako. Watu hudhani nikimpigia mdhamini nitamuuliza kama wewe ni mchapakazi. Swali langu la kwanza kwake ni hili: alianza lini, akaacha lini. Mdhamini mzuri hukusifia bila kuombwa, lakini tarehe siwezi kuzipata kwa kubahatisha.

Kwa hiyo kuinyoosha ajira ya mwisho ili ifunike pengo ni mchezo unaoshindwa kwa simu moja. Wapo wanaotumia ujanja mpole zaidi: wanaandika miaka bila miezi. "2017–2022" kisha "2022 hadi sasa", na pengo la miezi kumi linameza ulimi wake. Huo si uongo, nakubali, na mtu mwenye historia ya miaka ishirini hana haja ya kuandika kila mwezi. Ila mimi nitauliza miezi. Ukinijibu papo hapo hakuna neno. Ukianza kuhesabu kwa vidole, naweka alama ya kuuliza.

Ujanja mwingine ni "mshauri binafsi". Kuna washauri wa kweli, na huwa nawauliza swali moja tu: nitajie wateja wawili na ulichowafanyia. Mshauri wa kweli hutaja watatu. Na aliyepita kwa uongo asidhani amevuka. Udanganyifu ukigundulika baada ya kuajiriwa unaweza kuwa sababu ya kumwachisha mtu kazi, na hapo pengo la zamani linazaa pengo jipya, tena hili la pili lina maelezo mabaya kuliko la kwanza.

Nirudi kwa dada yetu. Kesho yake asubuhi nilimpigia tena, nikamuuliza jambo moja: mama sasa anaishi na nani? Akanijibu kwa sentensi moja, safi kabisa, kwamba tangu Agosti 2023 mdogo wake amehamia nyumbani na mama anatembea kwa mkongojo. Nikaenda kwa meneja, nikakuta ameshachagua watano wa usaili. Nilimpigia mara ya tatu kumweleza, na kwa kuwa niliona nimechangia kumpotezea nafasi, nikamwambia habari za ule mstari wangu. Huwa sifanyi hivyo. Akaniuliza: "Sasa kaka, mimi ningesemaje?" Tukakaa kama dakika kumi tukilipunguza.

Kwanza tulilikata pengo lenyewe vipande viwili, kwa sababu halikuwa moja. Machi 2022 hadi Agosti 2023, miezi kumi na minane, alikuwa akiuguza. Kuanzia Septemba 2023 alikuwa amerudi Dar es Salaam akitafuta kazi. Watu wengi huukunja muda wa kutafuta kazi ndani ya sababu ya kwanza, wakiona aibu kusema nilikuwa natafuta sikupata. Matokeo yake ni kwamba uuguzi wa miezi kumi na minane unasomeka kama wa miaka miwili, na unasomeka kama haujaisha. Kutafuta kazi miezi sita katika jiji hili hakumshangazi mtu.

Kisha tukaondoa watu. Kaka zake wakatoka, shangazi akatoka, bosi wa zamani akatoka. Huyo wa mwisho aling'ang'ania, kwa sababu alikuwa na haki: alinyimwa likizo. Lakini malalamiko juu ya bosi wa zamani, hata yakiwa ya kweli, humfanya msikilizaji ajiulize wewe utamsimuliaje yeye. Neno "kiharusi" tukalijadili. Halikuwa la lazima, "kumuuguza mzazi" lingetosha, ila yeye aliona linaeleza kwa nini ilichukua muda mrefu, nami nikakubaliana naye. Ugonjwa ungekuwa wake mwenyewe ningemshauri tofauti. Mwenye kuugua hana haja ya kunitajia jina la ugonjwa kwenye simu ya mchujo. "Niliugua, nimetibiwa, na sasa naweza kufanya kazi hii" inatosha. Sheria ya ajira ya 2004 inakataza kumbagua mwombaji kwa ulemavu, ujauzito au VVU, na sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2022 inaziweka habari za afya katika kundi la taarifa nyeti. Afisa ajira anayechimba huko anajiingiza matatani. Hata hivyo sheria haifuti nilichokwisha kukisikia, ndiyo maana nasema afadhali usikitamke.

Tukamaliza na "samahani". Kwetu kuanza na kuomba radhi ni adabu, mtu hawezi tu kufungua mdomo na kujibu kama anayesoma risiti. Lakini kwenye simu ya mchujo "samahani" ya mwanzo inamwambia msikilizaji kwamba kinachofuata ni kosa. Adabu yake tukaihamishia kwenye salamu, ambako ina nafasi ya kutosha.

Lipo pengo moja ambalo mfano wa dada huyu haulifikii, na sitalikwepa: la aliyefukuzwa. Hapo jibu fupi huuma. Kijana mmoja wa malipo aliniambia hivi: "Niliachishwa Mei 2022. Nilichelewesha ritani ya kodi mara mbili na kampuni ikatozwa faini. Lilikuwa kosa langu, na siku hizi natengeneza kalenda ya tarehe za TRA kabla mwezi haujaanza." Kisha akanyamaza. Sitasema uongo kwamba jibu la aina hii hufungua kila mlango. Meneja wa kwanza niliyempelekea alilikataa bila kuinua kichwa. Wa pili alimwita. Aliyefukuzwa kwa upotevu wa fedha na anaomba kazi ya kushika fedha atakataliwa na wengi hata aeleze vizuri kiasi gani. Na kama shauri bado liko kwenye Tume ya Usuluhishi, inatosha kusema liko huko; ukianza kulisikilizisha kwenye simu unanifanya hakimu, na sina rungu.

Juni 2024 ilitokea nafasi nyingine ya msaidizi wa hesabu, kwa mwajiri tofauti, na jina lake likaja tena mezani kwangu. Nikampigia. Alipopokea kulikuwa na kelele za barabara, akasema, "Kaka shikamoo, naomba dakika tano niingie mahali penye utulivu." Nikampa. Nilipopiga tena nikauliza swali lilelile kwa maneno yaleyale, maana sikutaka kumpendelea.

"Februari 2022 niliacha kazi kwenda Korogwe kumuuguza mama aliyepata kiharusi. Tangu Agosti mwaka jana anatembea na mdogo wangu ndiye anayeishi naye, na mimi kuanzia Septemba niko Dar es Salaam natafuta kazi. Kule nilikuwa mweka hazina wa VICOBA ya watu 28, kwa hiyo vitabu sikuviacha, ila Tally sijaigusa tangu nitoke kazini."

Nusu dakika, au chini yake. Halafu akafanya lile gumu kuliko yote, akanyamaza. Mimi nilikuwa bado naandika, na kimya hicho kilichukua sekunde nane au tisa, muda mrefu sana masikioni mwa anayesubiri. Wengi hapo ndipo wanapoharibu: wanasikia kimya, wanadhani jibu halijatosha, wanaongeza bosi na shangazi. Afisa ajira akinyamaza mara nyingi anaandika. Akitaka zaidi atauliza.

Nikauliza. "Mama akizidiwa tena itakuwaje?"

"Mdogo wangu ndiye wa kwanza kwenda. Mimi nitatumia likizo yangu."

Kwenye fomu niliandika: "Aliuguza mama 3/2022–8/2023, limekwisha, mdogo wake yuko naye. Anatafuta tangu 9/2023. Mweka hazina VICOBA. Tally: kukumbushwa." Uliingia wote, ingawa neno la mwisho lilipanda pembeni. Jioni fomu ikarudi na wino wa meneja: "Jumatano saa tatu. Aje na lile daftari la VICOBA kama analo."

Alikuwa nalo.